Mvi Alizoziacha Kaka

Kaka yangu alikuwa fundi wa kurekebisha picha katika studio moja ya Nakuru, kwenye barabara kuu, chini ya baraza ndefu ambapo watu walikimbilia kivuli na mvua. Mwenye studio, Mhindi mtu mzima aliyevaa miwani mizito, ndiye aliyepiga picha. Kaka ndiye aliyezitengeneza. Alikaa nyuma ya pazia kwenye meza ya mteremko yenye kioo, mwanga wa dirisha ukipanda kutoka chini na kupenya kwenye negativu, filamu ya picha kabla haijachapishwa, naye akiishika penseli iliyochongwa ikawa nyembamba kama sindano. Kovu la mtu likififia, kunyanzi la bibi wa mzungu wa shamba la Njoro likipungua, hiyo ilikuwa kazi ya mkono wake.

Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, na kwa kuwa sikuwa na haraka ya kurudi nyumbani nilibaki nikitazama. Yeye akanipa penseli. Baadaye akanipa brashi. Kifua kilipomshika, nikawa tayari nimejua kiasi cha kutosha hata mwenye studio akaniambia nikalie kiti chake mpaka apone.

Walimpeleka hospitali ya kifua Nairobi. Daktari alisema atakaa huko mwaka, labda miaka miwili, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo anahitaji chakula, hewa na moyo uliotulia. Mama aliyashika maneno hayo ya moyo kuliko mengine yote.

Kaka alikuwa mjane. Mkewe alifariki alipokuwa akijifungua, akamwachia binti mmoja, naye huyo mtoto akakulia kwa mama yangu katika nyumba ya reli, nyumba ileile ya chumba kimoja na jiko ambayo marehemu baba alipewa alipokuwa akifanya kazi ya kutia makaa kwenye gari moshi. Siku kaka alipoondoka, mtoto alimkimbilia mpaka kwenye kituo akiwa amevaa kiatu kimoja. Alikuwa na miaka mitatu. Kaka alizuiwa asimbebe kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo alichuchumaa mbali kidogo akamwambia, "Nenda kwa nyanya. Baba anarudi." Mtoto akamwamini.

Mvua ndefu ilipokuja, surua iliingia katika nyumba za reli. Watoto wengi waliugua, wengi wakapona. Wetu alianza kupona pia, vipele vikaanza kukauka, kisha kifua kikambana. Mama alimbeba hadi hospitalini asubuhi, na jioni akarudi na shali tupu mikononi. Alikuwa ameikunja vizuri kama mtu aliyetoka kuinunua.

Baada ya matanga, wazee wa ukoo waliposhika njia kurudi upande wa magharibi, mama aliniita jikoni.

"Kaka yako asiambiwe," alisema.

"Mama, itakuwaje siku akirudi?"

"Siku akirudi atakuwa na nguvu ya kusikia. Sasa hana. Ukimwambia sasa utanizikia wawili."

Kila kaka alipoandika akiuliza habari za mtoto, mimi nilijibu kwa maneno ya mama: ameenda kwa watu wa mama yake, Kakamega, huko kuna maziwa na nafasi ya kucheza. Mama mwenyewe hakwenda Nairobi kumtazama. Alisema miguu inamuuma. Ukweli ni kwamba aliogopa uso wake mwenyewe ungemfichulia.

Na uso wake haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kichwa. Miezi michache baada ya mazishi nywele zake zilianza kutoka. Jirani aliyekuwa akimsuka alisimama nyuma yake na kitana kilichojaa nywele, asijue azitupe wapi. Zilizobaki zilikuwa nyeupe kuanzia shinani, na njia kati ya msuko na msuko zilipanuka hadi ukaona ngozi ikimeta. Mama alikuwa mtu wa hamsini na kidogo aliyejulikana kwa nywele nyeusi nzito, zikiwa na kishada kidogo tu cha mvi juu ya sikio la kushoto. Katika mwaka mmoja alizeeka kichwani kama bibi yake.

Ndipo kaka alipoomba picha. Aliandika kwamba anaanza kupata nafuu, na anataka picha ya mama na mtoto aiweke kando ya kitanda. Mtoto akiwa bado Kakamega, basi mama peke yake. Akaongeza: kichwa wazi, mama, kama ile picha niliyokupiga mimi.

Picha hiyo aliipiga mwaka mmoja kabla hajaugua, siku mwenye studio alipomruhusu kutumia kamera kubwa. Mama ameketi, nywele zimesukwa mistari minyoofu kwenda kisogoni, kishada chake cha mvi kikionekana wazi. Kaka hakukigusa kwa brashi. Alisema mvi zile zinampendeza.

"Nifunge kitambaa," mama alisema baada ya mimi kumsomea. Kisha yeye na mimi tukakumbuka jambo moja. Picha pekee aliyowahi kupigwa akiwa amefunga kitambaa ni ile ya baada ya kumzika baba. Kaka akiona kitambaa angejua nyumba ina msiba.

"Basi unitengeneze," akasema. "Unirudishie kichwa changu. Lakini usinipake kama wale."

Nilijua anawasema akina nani. Walikuwapo wazee pale mjini waliopaka nywele rangi ya dukani, wakatembea na weusi mmoja uliokufa, kama masizi ya chungu, na mashina meupe yakichungulia chini baada ya wiki. Mtu akiwatazama hakuona ujana. Aliona mtu anayeficha kitu. Na aliyekuwa anapelekewa picha hii hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa fundi aliyenifundisha.

Mwenye studio alimpiga picha mwenyewe, na hakutuuliza maswali. Alishusha taa ya juu kwa kuwa ndiyo inayofanya ngozi ya kichwa ing'ae, akaleta mwanga kutoka ubavuni, chini kidogo. Alimwomba mama ainue kidevu ili utosi usielekee kamera. Jirani alikuwa amemsuka asubuhi ileile, mistari ileile ya zamani, akivuta kile kilichobaki kwa upole. Mama alikaa wima, mikono mapajani, vidole vikiwa vimefumbata hewa mahali ambapo mtoto angekaa.

Jaribio langu la kwanza liliharibika. Penseli haisaidii mvi, kwa sababu kwenye negativu kila kitu kimegeuka. Mvi ni nyeusi, na penseli inaongeza weusi, hivyo kwenye karatasi mvi zinazidi kuwa nyeupe. Kuzitia giza lazima upunguze, ukwangue utando wa negativu kwa kisu kidogo, taratibu mno. Nilikwangua sehemu za mashina ya mbele zikakubali. Lakini mvi zilikuwa nyingi mno kwa kisu, kwa hiyo nilichapisha picha kubwa kwenye karatasi isiyong'aa nikaendelea kwa brashi na rangi ya maji. Nilikuwa na haraka ya kuona weupe ule unaondoka. Nikaujaza wote.

Mwenye studio alikuja akasimama nyuma yangu, akiipangusa miwani yake.

"Huyu amevaa sufuria," alisema.

Nilitazama na kuona kwamba ni kweli. Misuko ilikuwa imepotea. Njia za ngozi nilikuwa nimezipaka weusi sawa na nywele, na pale nywele zinapokutana na paji la uso palikuwa na ukingo mkali kama wa kofia. Uso ulikuwa wa mama, lakini kichwa kilikuwa kimekatwa mahali pengine kikabandikwa.

"Nywele si kitu cheusi," alisema. "Ni vitu vingi vyenye mwanga na kivuli. Tazama ile ya kaka yako."

Nikaitoa picha ya zamani kwenye sanduku la kaka nikaiweka mbele yangu. Nilianza tena kwenye karatasi mpya. Safari hii sikutumia weusi mtupu hata mahali pamoja isipokuwa nyuma ya sikio na chini ya kisogo, ambako giza lipo lenyewe. Kwingineko niliipunguza rangi kwa maji na kutia kahawia kidogo mpaka ikafanana na rangi ya picha yenyewe, kisha nikaikausha brashi kwenye kitambaa hata ikabaki na unyevu tu. Kila msuko niliufuata kama kamba: vistari vifupi vya mshazari, kimoja kikipanda juu ya kingine, jinsi vidole vya jirani vilivyopita. Juu ya kila msuko niliacha mwanga, ubavuni nikaweka kivuli. Mashina sikuyafunika, niliyapunguza weupe tu, kidogo kidogo, nikisubiri yakauke kabla ya kuongeza.

Zile njia pana ndizo zilizonitesa. Ngozi ukiipaka rangi ya nywele, macho yanagoma. Nililaza kwanza kijivu chepesi, katikati ya rangi ya ngozi na ya nywele, ili isimete. Halafu nikaingiza vistari vichache kutoka kila upande, vikakaribiana bila kukutana, njia ikawa nyembamba lakini bado ni njia. Mbele, kwenye paji, niliweka vinywele vifupi visivyo na mpango, hapa vingi, hapa vichache, vikififia kwenye ngozi. Hakuna mtu ambaye nywele zake zinaanzia kwenye mstari.

Na juu ya sikio la kushoto niliacha mvi. Nilijua kichwa cha mama kisicho na mvi hata moja kingekuwa uongo wa wazi. Nikatazama kishada kile katika picha ya zamani nikakirudisha jinsi kilivyokuwa, upana wake, mahali kilipoanzia, unywele mmoja uliochomoka na kupinda kuelekea sikioni. Nilijivunia unywele ule.

Nilipomaliza, mwenye studio aliipiga picha ile karatasi, tukapata negativu mpya, na kutoka kwenye hiyo tukachapisha picha safi. Hivyo hata ukiinamisha kwenye mwanga huoni alama ya brashi. Aliishika muda mrefu, akanirudishia. "Peleka," akasema. Hakuwa mtu wa kusifu.

Mama aliiangalia nyumbani, mlangoni, kwenye mwanga. Nilitarajia atafurahi. Aliigusa ile picha kwenye nywele kwa kidole kimoja.

"Ndiye mimi wakati yupo," alisema, nikaelewa hamsemi kaka. Akaenda jikoni. Nilimsikia akikohoa, akalalamika kuni ni mbichi.

Jirani yetu aliyefanya kazi kwenye gari moshi aliichukua mpaka Nairobi. Jibu la kaka lilikuja. Alishukuru. Alisema mama amependeza, na kwamba watu wa vitanda vya karibu wote wameona. Baada ya hapo aliandika kama kawaida, juu ya chakula, sindano, uzito wake kuongezeka. Ilipita barua moja, ikapita nyingine, kabla sijagundua kwamba hamuulizii mtoto tena. Nilimwambia mama. Alishusha pumzi.

"Ameridhika," alisema. "Amejua yuko Kakamega anakula vizuri."

Na mimi nikafurahi pia. Mzigo wa kutunga habari za Kakamega ulikuwa umeniondokea.

Alirudi mwaka uliofuata, mchana, na gari moshi la Nairobi. Nilimpokea kituoni. Alikuwa amenenepa usoni lakini mabega yalikuwa yameinama, na alitembea kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kimwagike. Njiani aliniuliza habari za studio, za mwenye studio, za nani amehama. Tulipopita pale kwenye uwanja ambapo watoto wa reli walikuwa wanacheza, hakugeuza kichwa. Mimi ndiye niliyegeuza.

Mama alikuwa mlangoni na kitambaa chake kimefungwa chini hadi kwenye nyusi. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Aliandaa chai, akaweka viazi vitamu, akaanza kusema mambo mengi kwa haraka, mvua, bei ya sukari, jirani aliyejifungua mapacha. Kisha akasema, "Na mtoto, huyo mtoto, watu wa Kakamega wamesema..."

"Mama," kaka alisema. "Njoo ukae hapa."

Mama akakaa karibu naye kwenye kitanda.

"Fungua kitambaa."

"Kuna baridi."

"Hakuna baridi, mama."

Hakufungua. Kaka alinyoosha mkono akalitafuta lile fundo nyuma ya shingo, akalifungua polepole, kitambaa kikaangukia mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kukiona kichwa kile. Nywele zilikuwa nyeupe kabisa sasa, fupi, zikiacha utosi karibu wazi. Kaka aliuweka mkono wake juu ya utosi ule, kiganja chote, kama mtu anayefunika kitu kisipigwe na jua.

"Alikufa lini?" aliuliza.

Nikajibu mimi. "Wakati wa mvua ndefu, mwaka juzi. Surua, halafu kifua."

"Mwaka juzi," akasema. Akatikisa kichwa kana kwamba anahesabu kitu kilichokubaliana. "Nilikisia ni wakati huo huo."

"Nani alikuambia?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

Alitoa picha ndani ya koti. Pembe zake zilikuwa zimelainika kwa kushikwa. Akanielekea mimi, si mama.

"Kazi yako ni nzuri," alisema. "Mtu mwingine yeyote angeamini. Hata misuko inapumua. Nilikaa nayo nikiwa na furaha siku nzima. Jioni nikatazama hizi." Alikiweka kidole juu ya sikio la kushoto. "Hizi mvi ni zangu. Nilizipiga mimi. Huu unywele uliopinda nilitaka kuufuta siku ile nikauacha. Nywele hazikai mahali pamoja miaka yote hiyo. Mvi zinatembea. Za mama zilikuwa pale pale nilipoziacha."

Aliiweka picha kitandani, kati yake na mama.

"Nikajiuliza, kwa nini mtu amfichie mtoto mvi za mama yake? Mama haoni haya ya mvi. Basi zimekuwa nyingi, na zimekuja ghafla, na kuna kilichozileta. Halafu nikaitazama mikono."

Mama aliishika picha, akaitazama ile mikono iliyofumbata hewa mapajani. Nilikuwa nimeshughulika na kichwa majuma mazima na mikono sikuitazama hata mara moja.

"Kwa nini hukuuliza?" mama alisema. Sasa alikuwa analia waziwazi. "Mwaka mzima, mwanangu. Kwa nini hukuuliza?"

"Ningeuliza ungelazimika kujibu. Niliona jinsi mlivyojitahidi. Nikasema, anataka niwe na moyo uliotulia, acha aone umetulia. Nilikuwa nalia chini ya blanketi. Wenzangu walidhani ni kifua. Walikuwa wanamwita nesi."

"Na mimi jikoni," mama alisema. "Nasema ni moshi."

Wakabaki wameshikana hivyo, na mimi nikatoka nje kwa sababu hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

Siku iliyofuata tulikwenda makaburini. Nyasi zilikuwa zimemea, na ule msalaba mdogo wa mbao ulikuwa umepauka kwa vumbi jeupe linaloletwa na upepo kutoka ziwani. Mama alikwenda kichwa wazi. Kaka alichuchumaa, mbali kidogo kama siku ile ya kituoni, kisha akasogea akakaa chini kabisa, akaweka kiganja kwenye udongo. Alikaa mpaka mama akamwambia ardhi ina unyevu, kifua chake.

Majirani walipopata habari kwamba amerudi na ameambiwa, walikuja. Walileta majani ya chai na sukari kama inavyopasa, wakakaa, wakampa pole. Walikuwa watu wema. Lakini mtoto yule walikuwa wamemlilia mwaka juzi, wakaimba, wakamzika, na machozi yao yalikuwa yamekwisha. Baada ya pole mmoja akauliza kuhusu Nairobi, na mazungumzo yakaondoka. Kaka aliwajibu. Nilimwona akitazama kutoka uso hadi uso, akitafuta hata mmoja ambaye msiba wake ulikuwa mpya kama wake. Nilimtazama mama. Naye alikuwa ameinamisha kichwa, akimimina chai.

Daktari alimkataza kuvuta harufu ya dawa za kusafishia picha katika chumba cha giza, hivyo hakurudi studio. Alipata kazi ya karani wa ghala la ngano, na jioni alikaa nje ya nyumba na mama, hawasemi sana. Alianza tena kusema jina la mtoto. Alitaka kuambiwa kila kitu: alisema nini, alikula nini, aliuliza nini juu ya baba. Mama alimweleza alivyoweza. Lakini mambo madogo ya mtoto wa miaka mitatu hayakai muda mrefu kwa mtu aliyejikataza kuyasema, na mengine mama alipoyatafuta hakuyapata. Alikuwa anasimama katikati ya sentensi, mkono shavuni, na kaka anasubiri.

"Alikuwa anapenda..." mama alikuwa anasema. "Alikuwa anapenda nini, jamani."

Na kaka anasema, "Pole pole, mama. Tuna jioni nzima."